Sketi ya bluu iliyouzwa kama nyeusi: uchambuzi wa picha moja ya mtumba, Ngamiani

Sketi yenyewe haina kasoro. Ni mtumba msafi, ndefu mpaka kifundo cha mguu, kitambaa kizito, zipu ubavuni na lastiki nyuma ya kiuno. Dada anayeiuza anakaa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Aliitoa kwenye belo la sketi mchanganyiko, akaifua, akaipiga pasi, na usiku akaitandika kitandani juu ya shuka jeupe na kuipiga picha kwa simu. Akaiweka stetasi na maneno haya: "Sketi kali, 15,000, wahi." Mama mmoja wa Muheza alikuwa anatafuta sketi nyeusi ya kwaya. Akauliza kama bado ipo, akalipa, ikapandishwa basi.

Jumapili akasimama na wanakwaya wenzake nje ya kanisa, juani. Wote weusi, yeye bluu. Jioni ikaja sauti kwenye WhatsApp: "Mwanangu, hii sketi si nyeusi. Ni bluu, kama ya watoto wa shule ya msingi." Muuzaji akajibu, "Lakini picha si uliiona, mama?"

Aliiona, na hapo ndipo penye kisa. Nimekaa miaka mingi kwenye studio ya picha za pasipoti, kwa hiyo watu wa mtaani huniletea mambo kama haya. Nilipoonyeshwa picha ile nami nilisema ni nyeusi. Muuzaji hakudanganya, mnunuzi hakukosea kuangalia. Picha ndiyo iliyobadilisha rangi, na ilibadilika mara tatu kabla ya kufika Muheza. Nazieleza moja moja, kwa sababu kila moja ina dawa yake, na ukitibu moja tu nyingine mbili zitakurudisha pale pale.

Mara ya kwanza: taa ya chumbani

Kitambaa cha bluu kinaonekana bluu kwa sababu kinarudisha sehemu ya bluu ya mwanga unaokiangukia na kumeza sehemu nyingine. Bluu iliyokolea, ile wauzaji wanayoiita nevi bluu, inarudisha kidogo sana, lakini kile kidogo ndicho kinachoitofautisha na nyeusi. Taa ya chumbani kwake ni ya njano. Mwanga wa njano una bluu chache mno ndani yake. Sasa kama taa haikumwaga bluu ya kutosha juu ya sketi, sketi itarudisha nini? Haina cha kurudisha. Kwenye kamera na hata kwenye jicho inabaki giza tupu.

Ndiyo maana haiwezekani kuirekebisha baadaye. Dada alijaribu kuongeza mwangaza kwenye picha, akapata sketi ya kijivu yenye chenga. Rangi ambayo haikuingia kwenye lenzi hakuna kitufe cha kuirudisha. Hili hutokea pia kwa zambarau iliyokolea inayogeuka kahawia, na kijani cha chupa kinachogeuka cheusi. Ukipata malalamiko ya rangi, angalia kwanza kama nguo ni ya kundi hili la rangi za giza. Mara nyingi utakuta ndivyo.

Taa ile ilileta na ubaya wa pili. Mwanga wa balbu moja chumbani ni mdogo mno kwa kamera, hata kama macho yako hayahisi hivyo. Simu ikikosa mwanga hufanya mambo mawili: huacha lenzi ikipokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, hivyo mkono ukitikisika kidogo picha inakuwa na ukungu, na hukuza ule mwanga mdogo kwa nguvu, jambo linalozaa chenga. Kisha programu ya simu inazifuta chenga kwa kulainisha picha, na ikilainisha inafuta na nyuzi za kitambaa. Kwenye picha ya dada, kitambaa kizito chenye mistari midogo ya mshazari kilionekana laini kama mfuko wa plastiki. Hiyo ni dalili nzuri ya kukumbuka: kuza picha kwa vidole viwili, na kama huoni nyuzi wala mshono, tatizo lako ni mwanga. Kununua simu nyingine hakutakusaidia ukiendelea kupiga chini ya balbu ile ile.

Flashi si jibu. Inapiga kutoka pale pale ilipo lenzi, hivyo inasawazisha mikunjo yote, inaacha doa jeupe katikati na pembe zinabaki giza. Kwa kitambaa kinachong'aa ndiyo kabisa.

Mara ya pili: shuka jeupe

Hapa wengi hubisha, kwa kuwa kila mtu ameshaambiwa nguo ipigwe kwenye kitu cheupe. Shuka jeupe linapendeza na linafaa kwa nguo nyingi. Ila simu haijui kwamba unachouza ni sketi. Inachofanya ni kupima mwanga wa eneo lote la picha na kutafuta wastani usio mweupe sana wala mweusi sana. Kitanda kizima kilikuwa cheupe na sketi ilichukua labda robo ya picha. Simu ikaona weupe mwingi, ikasema hapa pamezidi mwanga, ikapunguza. Shuka likatoka kijivu hafifu, na sketi, ambayo tayari ilikuwa giza, ikasukumwa gizani zaidi.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachowasumbua wauza majaketi meusi. Ukisogea mpaka nguo nyeusi ijaze skrini yote, simu inaona giza tupu na kuongeza mwanga, na jaketi jipya linatoka limepauka kana kwamba limefuliwa mara mia. Mteja anaamua ni kuukuu, anapita.

Dawa ni kuiambia simu wewe mwenyewe iangalie wapi. Gusa skrini pale kwenye nguo na ushikilie kidole mpaka alama ijifunge. Kwenye aifoni yatatokea maneno AE/AF LOCK, na kwenye simu nyingi za Android utaona alama ya kufuli au mduara unaobaki palepale. Pembeni yake kutakuwa na kijua kidogo au mstari wa kuburuta. Ukikiburuta kwenda juu picha inang'aa, chini inafifia. Kwa nguo ya giza kwenye weupe, panda juu kidogo mpaka uone mikunjo na mshono, ukubali shuka lipoteze mistari yake. Shuka haliuzwi. Kwa nguo nyeusi iliyojaza skrini, shuka chini kidogo mpaka weusi urudi. Kwa blauzi nyeupe, shuka mpaka urembo wa kola na vifungo uonekane, maana weupe ukizidi vinapotea na havirudi.

Mara ya tatu: safari ya picha

Hili lilinishangaza lilipoelezwa. Mama wa Muheza alipoomba picha vizuri, dada hakumtumia picha iliyomo kwenye simu. Alifungua stetasi yake mwenyewe, akapiga skrinishoti, akaituma hiyo. Ndivyo anavyofanya kila siku, kwa sababu stetasi iko karibu na ghala la picha limejaa.

WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa ili isile bando. Ikienda stetasi inapunguzwa, skrinishoti inachukua kile tu kinachoonekana kwenye kioo pamoja na maandishi yaliyokaa juu yake, na ikitumwa inapunguzwa tena. Sehemu za giza ndizo zinazoumia zaidi. Tofauti ndogo kati ya nevi bluu na nyeusi ni kitu cha kwanza kutupwa, na mahali pake panabaki vipande vya miraba myeusi. Kwa hiyo hata kama picha ya kwanza ingekuwa na bluu kiduchu, isingefika Muheza.

Tangu 2023 WhatsApp ina kitufe cha HD juu ya picha kabla hujatuma. Kibonyeze kwa mteja aliyekwisha uliza bei. Kama anataka kuona kitambaa kabisa, itume kama Document na haitapunguzwa hata kidogo. Bando litaliwa zaidi, upande wake na upande wako, hivyo si kwa kila aliyesema "mambo". Na picha asilia zihifadhi kwenye albamu moja yenye jina la nguo, ili usipate kishawishi cha skrinishoti.

Tulivyoipiga upya

Sketi ilirudi kwa basi lile lile na muuzaji akarudisha hela. Tukaipiga tena nyumbani kwake, kwa simu ile ile ya kawaida. Hatukununua chochote.

Kwanza tulifuta lenzi. Simu yake inakaa kwenye mkoba pamoja na mafuta ya nazi na visarafu. Kioo cha nyuma kilikuwa na utando unaoonekana ukikigeuzia mwanga. Utando huo hausababishi picha mbaya moja kwa moja, unaitia weupe mwepesi kama moshi, na nyeusi haiwi nyeusi tena. Pindo la fulana ya pamba lililo safi linatosha. Khanga mpya yenye wanga haifuti, inasambaza tu.

Nyumba yake ni ya Kiswahili kama nyingi za Ngamiani: baraza mbele, ukumbi unakata katikati, vyumba kulia na kushoto, uwani nyuma. Mlango wa mbele unaangalia mashariki. Asubuhi jua linaingia barazani moja kwa moja, kali, na linachora vivuli vyenye makali kwenye kila kunjo. Baada ya saa saba jua linakuwa limehamia upande wa nyuma na baraza lote linakuwa kwenye kivuli, lakini mbele kuna mbingu pana inayomwaga mwanga laini. Saa nane mpaka saa kumi ndio wakati wake. Nyumba inayoangalia magharibi itumie asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Wenye uwani mdogo wapige palipo na kivuli cha ukuta huku anga ikiwa wazi juu.

Niongeze jambo kwa wanaouza sokoni. Turubai la bluu ni kivuli, lakini si kivuli cha kupigia picha. Mwanga unaopita ndani yake unakuwa wa bluu na kila nguo inapata homa. Hali kadhalika ukuta wa kijani: chumbani kwa dada kuta ni kijani cha rangi ya mafuta, na mwanga unaogonga hapo unarudi umebeba kijani. Toa nguo nje ya turubai, hata hatua tatu, kwenye kivuli cha jengo.

Tuliitundika sketi kwa henga yenye vibanio, kwenye msumari wa ukutani barazani. Ukuta ule ni rangi ya krimu, haukuwa mweupe wala wa giza, na hilo lilitufaa kwa sababu simu haikulazimika kupambana na weupe mwingi. Taa ya barazani tukaizima. Taa ikiwaka pamoja na mwanga wa mchana unapata upande mmoja wa njano na mwingine wa bluu, na simu haiwezi kusahihisha zote mbili kwa pamoja.

Nikamwambia arudi nyuma hatua tatu hivi na ashushe simu mpaka kimo cha katikati ya sketi, si kimo cha macho yake. Alikuwa na desturi ya kusimama karibu na kuinamisha simu kutoka juu. Ukifanya hivyo kiuno kinatoka kipana na pindo linakuwa dogo, kwa sababu kilicho karibu na lenzi hukua. Mteja anayeangalia umbo la sketi anaona kitu kingine kabisa. Ukirudi nyuma, nguo inakuwa ndogo kwenye picha, ndiyo, lakini utaikata kingo baadaye na umbo litakuwa la kweli.

Halafu tukafanya lile ambalo naona ndilo lenye thamani kuliko mengine yote kwa nguo za rangi ya giza. Tulichukua buibui jeusi la jirani, tukalitundika pembeni ya sketi, pindo lake likigusana nayo, na upande wa pili tukabandika karatasi nyeupe ya daftari. Picha moja tu ya namna hiyo, si zote. Jicho la mtu halisomi vizuri rangi ikiwa peke yake, linasoma tofauti. Ukiweka nyeusi halisi pembeni ya nevi bluu, hata kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichofifia, mteja anaona kwamba hivi vitu viwili havifanani. Karatasi nayo ni ya kwako wewe mpigaji: angalia picha, na kama karatasi imetoka na kijani au njano, mwanga wako bado una kasoro na rangi ya nguo nayo imepotoka kiasi hicho hicho. Kivulini karatasi hupenda kuelemea bluu kidogo. Ikizidi, simu zenye hali ya Pro zina mahali pa WB, yaani pa kurekebisha weupe. Panda mpaka kama 6500 au 7000 karatasi irudi kuwa karatasi. Simu isiyo na Pro, subiri sekunde chache baada ya kuielekeza kwenye nguo kabla ya kubonyeza, mara nyingi inajisahihisha yenyewe.

Buibui likatolewa, tukapiga mbele, nyuma, na kiuno kwa karibu ili lastiki ionekane. Lebo tukaipiga, lakini saizi ya lebo ya mtumba haimsaidii mtu sana, maana 14 ya nchi moja ni 42 ya nchi nyingine. Tukailaza sketi mkekani na futi ya fundi juu ya kiuno, bila kuvuta lastiki: inchi 15 upande mmoja, yaani 30 kuzunguka. Futi lazima ilale sawa na namba zisomeke. Ikiwa inapinda kwa katikati, inaongeza inchi ambayo haipo.

Wakati wa kugeuza nyuma, tukakuta kitu ambacho picha ya usiku isingekionyesha kamwe: kitundu kidogo karibu na pindo, kama cha njiti ya kiberiti. Kitundu kwenye nguo ya giza hakionekani kwenye picha ukipiga tu hivi hivi, kwa sababu nyuma yake nako ni giza. Ingiza karatasi nyeupe ndani ya sketi nyuma ya kitundu, kipige kwa karibu, kitaonekana kama nyota. Dada alisita. "Nikionyesha tundu nani atanunua?" Nikamwambia apunguze elfu mbili na aseme lilipo. Sketi iliyorudi mara moja imeshakula nauli mbili za basi.

Kupiga kwa karibu nako kuna mpaka wake. Ukisogea sana, simu inashindwa kufokasi na nyuzi zinakuwa ukungu. Rudi kidogo mpaka mshono uwe mkali, kisha kata picha. Kukuza kwa vidole kabla ya kupiga hakuongezi kitu, simu inakata tu kama ambavyo wewe ungekata, isipokuwa zile zenye lenzi maalumu ya mbali.

Vichujio vya kupendezesha tulivizima vyote. Hali ya Beauty inalainisha ngozi, na kwake kitambaa chenye vinyweleo ni ngozi tu.

Kile ambacho picha haikuweza

Kabla ya kuiweka tena, nilimwomba aitazame picha ya sketi na buibui kwenye simu mbili nyingine, ya mumewe na ya binti wa duka jirani. Simu ya binti ilikuwa kwenye hali ya kupumzisha macho, kioo kimegeuka njano, na nevi bluu ikaelekea weusi tena. Huwezi kwenda kuzima kioo cha kila mteja. Kwa hiyo rangi iliandikwa kwa maneno juu ya picha: "Nevi bluu iliyokolea, SI nyeusi. Kiuno inchi 30, inavutika. Kitundu kidogo karibu na pindo, picha ya 5. 13,000."

Zipo nguo ambazo hata baraza halizisaidii. Satini inabadilika kila ukisogea hatua, gauni la vipande vidogo vya kung'aa linaishinda simu kabisa, na kitambaa kinachogeuka rangi mbili ukikitikisa hakiwezi kusemwa na picha moja. Kwa hizo piga picha mbili kutoka pembe tofauti na uzitume pamoja, mteja aone mwenyewe kwamba inageuka.

Siku iliyofuata akaandika mwalimu mmoja wa Pongwe. Hakuuliza rangi wala tundu. Aliuliza, "Hiyo lastiki inavutika mpaka ngapi?" Picha haina jibu la swali hilo. Dada akabana futi kwenye mkeka kwa kidole cha mguu, akavuta kiuno kwa mikono miwili, na mwanawe akarekodi video ya sekunde kama kumi barazani, mpaka lastiki ilipogota kwenye inchi 18. Mwalimu akahesabu mara mbili, akatuma hela.